Kofia ya satini, foronya ya hariri na kilemba cha pamba: je, vinazuia nywele kukatika usiku?

Daktari, nijibu moja kwa moja: kofia ya satini inazuia nywele kukatika, au ni biashara tu?

Inapunguza kukatika kunakosababishwa na msuguano, na kazi yake inaishia hapo. Kila unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti kwenye paa, yakielekea nchani. Nywele za kipilipili zina umbo bapa na hujisokota, kwa hiyo kila penye kona magamba hayo huinuka kidogo na unywele huwa dhaifu zaidi. Mafuta ya ngozi ya kichwa pia hupata taabu kushuka kwenye mizunguko hiyo hadi nchani, na ndiyo maana ncha hukauka. Mtu anapogeuka kitandani, ncha hizo kavu hunasa kwenye vinyuzi vya foronya ya pamba na baadhi hukatika. Kitambaa kinachoteleza hupunguza kunasa huko, na kwa sababu hiyo mwenye nywele kavu, ndefu au zilizowekwa dawa ya kunyoosha huona tofauti baada ya majuma kadhaa.

Lakini naomba hili likae akilini kabla hatujaendelea: kofia hulinda unywele ulio nje ya ngozi. Haina lolote la kufanya kwa unywele unaovutwa kwenye mzizi.

Satini na hariri ni kitu kimoja? Niliambiwa hariri haifyonzi maji kabisa.

Ni vitu viwili tofauti. Hariri ni uzi unaotokana na kiwavi, ilhali satini ni namna ya kufuma ambayo huacha nyuzi ndefu juu ya kitambaa ili uso wake uteleze. Kofia nyingi za satini zinazouzwa madukani ni za poliesta, na bei yake ndogo inatokana na hilo.

Hayo uliyoambiwa kuhusu maji si kweli. Katika hewa ya unyevu wa kawaida hariri hubeba maji takriban sehemu 11 kwa kila 100 za uzito wake, pamba takriban 8, na poliesta chini ya 1. Kwa hiyo faida ya hariri ni utelezi wake, na kwa utelezi satini nzuri ya poliesta inatosha kabisa. Tofauti utaihisi kwenye joto: poliesta haifyonzi jasho, na anayelala mji wenye joto kama Dar es Salaam bila feni anaweza kuamka na kichwa kimelowa. Unywele uliolowa hutanuka na kukatika kwa urahisi zaidi kuliko ulio mkavu, kwa hiyo asifunike kichwa kikiwa bado na maji ya kuoga, iwe kwa kofia au kwa ushungi.

Mimi hulala na khanga ya pamba kama bibi yangu alivyofanya. Nimekosea?

Hujakosea, ila angalia bibi alifanya nini hasa. Wengi wa bibi zetu walisuka mabutu makubwa yaliyolegea kabla ya kulala, kisha wakafunga khanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, laini, isiyo na wanga wa dukani. Nywele zilizokusanywa hivyo hazizunguki ndani ya kitambaa, na kwa hiyo msuguano ni mdogo hata kama kitambaa ni pamba. Shida huanza pale khanga mpya na ngumu inapofungwa juu ya nywele zilizoachwa wazi, tena kwa fundo la kukaza kwenye paji la uso ili isivuke usiku. Ukipenda khanga yako, tanguliza kipande cha satini ndani, na fundo liwe legevu.

Nitajuaje kama nywele ninazoziona kwenye mto zimekatika au zimetoka na mzizi?

Okota nywele kumi asubuhi, uzitandaze juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, na uangalie ncha zote mbili za kila mmoja. Wenye kinundu kidogo cheupe upande mmoja umetoka wenyewe kwa kumaliza muda wake, na mtu mzima hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kila siku. Usiokuwa na kinundu, mara nyingi mfupi, umekatika, na huo ndio kofia inaweza kukupunguzia.

Mtu aliyekaa na rasta kwa wiki 6 asishtuke anapofumua na kuona rundo, kwa sababu ni zaidi ya nywele 2,000 zilizotoka kwa kawaida katika siku 42 na kubaki zimenaswa ndani ya msuko.

Kuna jambo moja zaidi la kutazama, nalo hupuuzwa sana. Ukiona vijifuko vyeupe vinavyozunguka unywele kama mkono wa shati, vikiteleza ukivivuta kwa kucha, hasa pembezoni mwa paji la uso, usiviite mba kwa haraka. Mara nyingi ni dalili kwamba nywele za hapo zinavutwa sasa hivi.

Nywele za mbele zimeondoka mpaka karibu na masikio. Nimenunua kofia ya hariri. Nisubiri muda gani nione mabadiliko?

Usisubiri hata mwezi mmoja. Kofia hiyo haitazirudisha, kwa sababu hazikuondoka kwa kusuguliwa na mto.

Nieleze kwa mgonjwa mmoja ambaye simulizi yake nakutana nayo karibu kila wiki kwa sura tofauti. Ni fundi cherehani wa miaka 34, na alikuwa amesuka rasta nyembamba mfululizo kwa miaka mingi, akifumua leo na kusuka kesho. Nywele za juu ya masikio zilipoanza kupungua, alishauriwa anunue kofia ya satini. Ilipokuwa haisaidii akanunua ya hariri, kisha foronya ya hariri, na miaka 3 ikapita hivyo. Alipovua kofia yake mbele yangu, lastiki ilikuwa imeacha mfereji mwekundu kutoka sikio hadi sikio, palepale nywele zilipokuwa zimeisha. Kofia aliyoitegemea ilikuwa inakaza mstari uleule ambao rasta ziliuvuta mchana.

Ukingoni kabisa mwa paji la uso vilibaki vinyweleo vifupi na laini, kama ushanga mwembamba, na nyuma yake palikuwa peupe. Mpangilio huo hututambulisha upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa, kwa sababu nywele fupi mno hazishikiki na vidole vya msusi, nazo ndizo zinazopona. Upande wa kulia, matundu ya nywele yalikuwa bado yanaonekana kwa kioo cha kukuzia, na baada ya kuacha kabisa kusuka kwa kukaza na kutumia dawa, upande huo ulianza kuota. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imekwisha kuwa kovu, na hapo hazikuota. Angekuja katika mwaka wa kwanza, uwezekano wa kuponya pande zote mbili ungekuwa mkubwa zaidi. Inaniuma kila ninapoandika hayo kwenye faili la mtu.

Nikishasuka kichwa kinauma siku mbili, siwezi hata kulalia upande. Msusi anasema ni kawaida, nilale na satini kitapoa.

Si kawaida. Kwa heshima yote kwa wasusi, ambao wengi wao wana ujuzi ninaouheshimu, kauli hiyo inaharibu vichwa vya watu. Maumivu ni ngozi inayosema mzizi unavutwa, na vipele vidogo vinavyotokea kando ya mistari ya twende kilioni ni uvimbe wa matundu ya nywele. Utafiti uliofanywa Cape Town na Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake ulikuta takriban mwanamke mmoja kati ya watatu akiwa na upungufu wa nywele wa aina hii.

Kumeza dawa ya maumivu ili uvumilie msuko ni kunyamazisha onyo huku madhara yakiendelea. Kulala na satini juu ya msuko unaouma ni hivyohivyo. Fumua mistari ya mbele usiku huohuo, hata kama umelipa fedha nyingi. Narudia kwa sababu nalisikia kila siku: hakuna kitambaa, kiwe hariri au kingine, kinachopunguza mvuto wa msuko uliokazwa.

Binti yangu wa miaka 6 hutumia kofia moja na dada zake. Ana mabaka yenye magamba na nywele zimekatikia palepale kwenye ngozi.

Mlete kliniki, na kila mtoto apate kofia yake. Nywele zinazokatika usawa wa ngozi kwa mtoto, pamoja na magamba, mara nyingi ni mapunye, ambayo ni fangasi na huambukizwa kwa kofia, vitana na foronya za pamoja. Mafuta ya kupaka peke yake hayafiki ndani ya mzizi, kwa hiyo hutibiwa kwa dawa ya kunywa kama griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8. Wakati wa matibabu, fueni kofia na foronya zote kwa maji ya moto.

Nikiwa na fedha ya kitu kimoja tu, ninunue nini?

Foronya ya satini, kwa sababu haina lastiki wala fundo na hivyo haiwezi kukukaza. Ukipendelea kofia, chagua yenye kamba unayoilegeza mwenyewe, na hakikisha vidole viwili vinapita chini yake bila kusukuma. Ukiamka na alama kwenye paji la uso, imekaza. Ifue kila wiki, maana mafuta na jasho hufanya satini ishike badala ya kuteleza.

Pale pembeni ngozi imekuwa laini na inang'aa, sioni hata tundu. Bado kuna la kufanya?

Lipo, ingawa sitakudanganya: ngozi iliyokwisha kuwa kovu haioti nywele kwa dawa ya kupaka, na upandikizaji ni ghali na haufanywi kabla ya mvuto kukomeshwa. Hata hivyo, mara nyingi kando ya kovu kuna eneo ambalo uvimbe bado unaendelea, na hilo linaweza kuokolewa kwa dawa za kutuliza uvimbe au dawa ya kuotesha nywele iitwayo minoksidili kwa miezi kadhaa, huku tukikumbuka kwamba nywele za kipilipili huota chini kidogo ya sentimita 1 kwa mwezi. Huwezi kuliona eneo hilo mwenyewe kwenye kioo cha bafuni. Nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii, ukiwa umefumua mistari ya mbele na hujapaka mafuta wala jeli, ili ngozi ionekane ilivyo.