Saua: uwiano wa pombe kali, ndimu na sukari, na jinsi ya kuituliza ikiwa kali mno

Saua ni jamii ya kokteli zinazojengwa kwa vitu vitatu: pombe kali, maji ya ndimu au limau, na sukari. Ramu nyeupe, ndimu na sukari ni daikiri ya Kuba. Wiski, limau na sukari ni wiski saua. Margarita nayo imo ukooni, ila utamu wake mwingi hutoka kwenye likeri ya machungwa. Kwa hiyo aliye Kampala na chupa ya waragi, ndimu za soko la Nakasero na sukari ya Kakira ana kila kitu. Kinachobaki ni uwiano.

Uwiano unaotajwa sana ni sehemu mbili za pombe, moja ya ndimu na moja ya shira. Kwa glasi moja, hiyo ni mililita 60 za waragi, 30 za maji ya ndimu na 30 za shira. Wahudumu wengi wa baa siku hizi hupunguza ndimu na shira zote mbili hadi mililita 22 hivi, ili waragi yenyewe isikike zaidi. Tazama kwamba ndimu na shira hushuka pamoja. Kiasi chake dhidi ya pombe ni suala la mapenzi ya mnywaji, lakini ndimu na shira zikiachana, kinywaji huharibika upesi.

Nimesema shira, si sukari ya chenga, na hapa ndipo watu wengi hukosea nyumbani. Sukari huyeyuka kwa shida kwenye kitu cha baridi, na pombe huizidishia ugumu huo. Ukimimina vijiko viwili juu ya waragi yenye barafu, chenga hukaa chini. Anayekunywa hukutana na uchachu mtupu mwanzoni, kisha mwishoni anatafuna sukari. Pima gramu 200 za sukari na gramu 200 za maji, pasha moto huku ukikoroga mpaka maji yawe angavu, kisha epua. Usichemshe kwa muda mrefu kama shira ya kaimati, maana maji yakipungua utamu unazidi na vipimo vyako vyote vinahama. Sukari yetu ya kahawia huipa shira rangi ya manjano na harufu kidogo ya muwa. Kwa waragi mimi naipenda hivyo.

Mililita 30 za shira hii hubeba sukari kama gramu 18. Maji ya ndimu yana asidi kama asilimia 6, kwa hiyo mililita 30 zina gramu 1.8 hivi. Yaani sukari gramu 10 kwa kila gramu 1 ya asidi. Ukiukumbuka uwiano huo mmoja, utajua uelekee wapi glasi ikiwa kali.

Lakini kwanza ujue ni ukali upi. Mnywaji akikunja uso na kusema “kali sana”, anaweza kuwa na maana ya mambo matatu, na kila moja lina dawa yake. Uchachu wa ndimu unasikika mara tu unapoonja, na mate hujaa mdomoni papo hapo. Ukali wa pombe unachoma kooni na kupanda puani baada ya kumeza. Uchungu hubaki mdomoni hata glasi ikiisha, na kwa kawaida umetoka kwenye ganda na nyama nyeupe ya ndimu iliyokamuliwa kwa nguvu kupita kiasi, au kwenye mbegu zilizopondwa. Uchachu unatulizwa na shira. Pombe inayochoma inahitaji maji na baridi zaidi. Uchungu hauna tiba ya sukari; mwaga maji hayo ya ndimu, ukamue mengine kwa mkono mwepesi.

Chukua mfano. Mtu amechanganya waragi mililita 60, ndimu 30, na shira 15 kwa sababu hapendi vinywaji vitamu. Ameonja, mate yamemjaa: ni uchachu. Hesabu inaeleza kwa nini: sukari ni gramu 9 tu dhidi ya asidi 1.8, nusu ya inayotakiwa. Asiongeze waragi, wala asimimine soda. Aongeze shira mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, akoroge na aonje. Kisha 5 nyingine. Akifika jumla ya 25, uwiano unakuwa kati ya 8 na 9 kwa 1, na kwa mtu asiyependa utamu hapo panatosha. Wengine wataendelea hadi 30. Mililita 5 zinaonekana kidogo, lakini ni sukari gramu 3, na ulimi unaiona tofauti.

Ikiwa amefika 30 na bado inauma, basi huenda ndimu zenyewe ni kali kuliko kawaida, jambo la kawaida kwa matunda ya kienyeji ambayo hayalingani mti kwa mti. Kuongeza shira zaidi kutaleta kinywaji kizito kinachonata midomoni. Afadhali aandae nyingine kwa ndimu 20, na zile mililita 10 ajazie maji ya chungwa. Chungwa lina asidi chini ya asilimia 1, kwa hiyo hupooza bila kuficha tunda. Pasheni haisaidii hapa, maana nayo ni chachu.

Kosa jingine ni kuonja kabla ya barafu na kuamini ulichoonja. Baridi hufifisha utamu ulimini. Mchanganyiko wa vuguvugu ambao ni sawasawa utatoka kwenye barafu ukiwa mkali kidogo, ndiyo maana kabla ya kutikisa unatakiwa uonekane mtamu kupita unavyotaka. Barafu huleta maji pia. Ukitikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15, maji yanayoyeyuka hufikia karibu mililita 40 au 50 kwenye glasi ya mililita 120. Maji hayo ni sehemu ya kokteli, na aliyekoroga mara mbili tatu kwa kijiko atalalamikia ukali wa waragi wakati tatizo ni uvivu wa mkono. Baada ya kutikiswa, waragi ya asilimia 40 huwa imeshuka hadi karibu 15. Usidanganywe na wepesi huo, maana glasi bado ina kileo karibu sawa na nusu lita ya bia ya asilimia 5.

Kwa wageni kumi mtungi ni rahisi kuliko kutikisa glasi moja moja: waragi mililita 600, ndimu 300, shira 300, na maji safi 400 badala ya yale ambayo barafu ingeleta. Kamua ndimu siku hiyohiyo, kwa kuwa harufu yake hupotea baada ya saa chache. Weka mtungi kwenye friji mpaka upoe kabisa, onja ukiwa baridi, na kama bado unachachuka ongeza shira mililita 50 kwa mara moja. Barafu itiwe kwenye glasi, si mtungini, la sivyo wa kwanza atakunywa saua na wa kumi atakunywa maji ya ndimu.