Twisti kwenye nywele fupi za mwanaume: saizi ya boksi ndo inaamua

Wanaume wengi wanaokuja kwangu wakitaka twisti wanaanza na swali lile lile, nywele zangu fupi hivi zitashika kweli? Jibu huwezi kulipata kwa kuangalia kwenye kioo, maana nywele zetu za kipilipili zinajikunja zikikauka, unaona kichwa kama kina nywele za sentimita 2 kumbe ukizivuta zinafika 5 au zaidi. Kwa hiyo pima zikiwa zimevutwa. Shika chache pale utosini, zinyooshe juu ya kidole chako cha shahada. Zikifika kiungo cha kwanza kutoka nchani hiyo ni kama sentimita 2 na nusu, bado, labda ufanye vile vikokoto vya kuviringisha kwa kitana au sponji. Zikifika karibu na kiungo cha pili, yaani sentimita 4 hadi 5, hapo tunaweza kukaa kitako tukasokota. Kama ulinyoa kipara, nywele zinaota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, hesabu miezi minne au mitano. Na pima sehemu kadhaa, kuna watu mbele ndefu kisogoni fupi, na twisti zitaanza kufumuka pale palipo fupi.

Sasa urefu wenyewe si kitu kama boksi limekosewa. Boksi ni kile kipande cha ngozi ya kichwa unachokigawa ili nywele zake ziwe twisti moja. Twisti ya nyuzi mbili inashika kwa sababu nyuzi zimezungukana mara kadhaa, na mimi bila mizunguko mitatu kamili siiachi kichwani mwa mtu, haitafika hata kesho kutwa. Ukichukua boksi kubwa kwenye nywele fupi, nyuzi zinakuwa nene, mzunguko mmoja tu umekula urefu wote, unabaki na kifundo kifupi kilichosimama kama kishungi na asubuhi kimeshafunguka. Boksi dogo linatoa nyuzi nyembamba, na nyuzi nyembamba zinazunguka mara nyingi ndani ya urefu ule ule. Kwa nywele za sentimita 4 au 5 nakata boksi la kama sentimita 1 hadi 1 na nusu kila upande. Ukiwa na sentimita 8 au 10 unaweza kwenda hadi 2. Ila chini ya sentimita 1 sishuki sana pia, ukifanya vidogo kupita kiasi kazi haiishi, kufumua ni mateso na vinawahi kushikana.

Nichukue mteja mmoja, kijana wa bodaboda, amenyoa fedi pembeni na juu amebakiza nywele zinazovutika kama sentimita 5. Nimemuosha kwa shampuu na kondishina, nikaisuuza kondishina yote iishe, maana ikibaki nyuzi zinateleza hazishiki. Nywele nazifanyia kazi zikiwa na unyevu, si za kuchuruzika maji wala si kavu, na chupa ya kupulizia maji iko mkononi muda wote. Naanzia nyuma kuja mbele. Kwa kitana cha mkia napiga mstari mmoja wa kulala kutoka upande hadi upande, juu kidogo ya pale fedi inapoishia, nywele nyingine zote nazibana juu na klipu, halafu mstari ule naukata kuwa maboksi. Mstari unaofuata siukati sambamba na ule wa chini, boksi la juu linakaa katikati ya maboksi mawili ya chini, mpangilio wa matofali. Kwenye nywele fupi hili ni la lazima kwa sababu twisti bado hazina urefu wa kulala na kufunika ngozi, ukipanga njia zikanyooka utaona mistari mitupu ya kichwa kutoka paji la uso hadi utosini. Pale utosini nywele zinapozunguka nafuata mzunguko wenyewe, silazimishi mstari unyooke. Kichwa chake kilitoka na twisti kama mia moja hivi, na kazi ya aina hiyo ni saa mbili za kukaa, mtu aje amekula.

Kusokota kwenyewe: jeli kidogo kiasi cha punje ya harage kwenye boksi moja, ipakwe kutoka shina hadi nchani, gawa nywele mbili sawa sawa. Usawa huo angalia vizuri, upande mmoja ukiwa mnene ule mwembamba unajizungusha juu yake tu na twisti inalegea. Kila uzi usokote peke yake kuelekea kulia, halafu nyuzi mbili zizungushane kuelekea kushoto, kwa sababu kila uzi unataka kujifungua upande wake na ndo unazidi kumkaza mwenzake. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanazungusha tu, halafu wanalaumu jeli. Nchani malizia kwa kuviringisha kwa kidole hadi ncha ijikunje yenyewe. Na shina usilikaze hadi ngozi inyanyuke, mteja akisema anavutwa amini, vipele vyeupe kwenye paji la uso au pembeni mwa masikio kesho yake maana yake umekaza, fumua hizo, usisubiri.

Jeli nayo ijaribu kwanza na mafuta au krimu unayotaka kuchanganya nayo, sugua vyote nyuma ya kiganja, kikikauka na kutoa vijiunga vyeupe basi na kichwani itakuwa hivyo hivyo na watu watadhani ana mba.

Halafu zikauke zote, mpaka ndani. Chini ya draya ya kukalia ni dakika 30 hadi 45, bila draya ni saa kadhaa. Bonyeza twisti ya katikati ya kichwa karibu na shina, ukihisi ubaridi bado kuna maji, mtu akivaa kofia hapo zinafumuka na zinaanza kunuka.

Zinakaa muda gani? Kwa urefu huu wa sentimita 5, wiki moja hadi mbili, nywele zikiwa ndefu zaidi zinaweza kwenda wiki tatu hadi nne. Yule wa bodaboda nilimwambia mapema ahesabu wiki moja, maana helmeti inasugua na jasho linalainisha jeli, nikamwambia avae duragi ya satini ndani ya helmeti na usiku alale nayo. Zilizofumuka mbele na utosini anarudi nazisokota hizo tu. Akitaka kuosha kabla ya kufumua, shampuu ichanganywe na maji, ibonyezwe kwenye ngozi kwa ncha za vidole bila kusugua, kichwa kikiwa kimevikwa soksi nyembamba ya nailoni.

Usizipeleke zaidi ya wiki nne kama hutaki dredi, zinaanza kushikana pale shinani na kutenganisha kunakata nywele. Kufumua paka mafuta vidoleni, anzia nchani. Utaona nywele nyingi zinabaki mkononi na wengi wanashtuka, lakini kichwa kinapoteza kati ya 50 na 100 kila siku na kwenye twisti zilikuwa hazina pa kudondokea. Ziangalie kwa karibu, yenye kidoa cheupe upande mmoja imetoka kwa wakati wake, vipande vifupi visivyo na kidoa ndo vimekatika, na vikiwa vingi acha kusokota kwanza kwa wiki mbili tatu.