Barua ya kudai dipoziti haiandikwi kumtisha landilodi

Wiki hii mpangaji mwingine amenijia ofisini na ombi lile lile: "Wakili, niandikie barua kali, landilodi aogope arudishe dipoziti yangu." Alikuwa ameshatuma barua yake mwenyewe, na nikaisoma. Ina polisi, ina jela, ina riba aliyoibuni, na mahali popote haisemi alikabidhi funguo lini.

Landilodi wa Nairobi haogopi barua. Amezipokea nyingi. Msomaji wa kweli wa barua yako ni mwamuzi wa Mahakama ya Madai Madogo, ambaye huenda akaishika miezi mitatu baadaye bila kukujua wewe wala nyumba yenyewe. Mwandikie yeye. Na huhitaji wakili ili kuiandika, wala huhitaji wakili kwenda katika mahakama hiyo.

Tuchukue mpangaji wa chumba kimoja cha kulala kule Kasarani. Kodi ni shilingi 18,000. Alipoingia alilipa dipoziti ya mwezi mmoja na nyingine ya maji na stima 3,000, jumla 21,000. Amekaa miaka mitatu, akatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, akalipa kodi ya mwezi wa mwisho, akamkabidhi keateka funguo tarehe 31 Mei. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua kipindi cha kodi. Mkataba wako ukitaka zaidi, fuata mkataba. Kama ulikaa mwezi wa mwisho bila kulipa ukisema "dipoziti italipa", basi hiyo dipoziti umeshaila.

Wiki mbili baadaye ajenti anamtumia orodha kwa WhatsApp: rangi ya nyumba nzima 12,000, usafi 4,000, kitasa kipya 1,500, bili ya maji 850. Zimekatwa 18,350, atarudishiwa 2,650.

Hapa ndipo wapangaji wanaponiudhi karibu kama malandilodi. Mpangaji huyu anataka kudai 21,000 yote kwa sababu amekasirika, ilhali bili ya maji ni yake, funguo moja ilipotea mikononi mwake, na mtoto wake alichora ukuta wa chumbani kwa kalamu za nta. Ukidai kila senti ukijua kwamba nyingine unadaiwa kweli, unamkabidhi landilodi hoja ya kwanza ya kesi. Atatoa picha ya ule ukuta, na mwamuzi ataanza kutilia shaka hata yale uliyosema kwa haki.

Kwa hiyo kubali unachodaiwa, kwa tarakimu. Maji 850, kitasa 1,500, ukuta mmoja kupakwa upya, tuseme 2,000 baada ya kumuuliza fundi. Jumla 4,350. Baki ni 16,650, na hiyo ndiyo unayodai.

Sasa ile rangi, ambayo nimechoka kuisikia. Malandilodi wengi, na wapangaji wengi pia, wanaamini kwamba dipoziti ni pesa ya rangi, kwamba ndiyo desturi. Dipoziti ni pesa yako iliyoshikwa na mtu mwingine kama dhamana. Akikata, ni juu yake kuonyesha hasara uliyomsababishia au kifungu cha mkataba kinachomruhusu. Ukuta uliofifia kwa jua, alama ya mgongo wa sofa, zulia lililolainika mlangoni, huo ni uchakavu wa kawaida wa nyumba inayokaliwa, na kodi uliyolipa kwa miaka mitatu ndiyo iliyougharamia. Kioo kilichovunjika, kaunta iliyoungua kwa sufuria, michoro ya mtoto, huo ni uharibifu. Na hata kwenye uharibifu, landilodi hastahili kupata kipya mahali pa kikuukuu. Rangi iliyokuwa na miaka mitatu ukutani ilikuwa imebakiza maisha mafupi, kwa hiyo hawezi kukutoza kana kwamba uliiharibu siku ilipopakwa.

Lakini soma mkataba wako kwanza. Mikataba mingi ya Nairobi ina kifungu kwamba mpangaji atapaka rangi anapohama. Ukiwa umekitia sahihi, hoja ya uchakavu inadhoofika sana. Kinachobaki kupiganiwa ni kiasi: rangi ya aina ile ile uliyoikuta, gharama halisi, na risiti ya fundi, wala si bei iliyotungwa na ajenti. Na kama uliingia katika nyumba ambayo haikuwa imepakwa rangi? Hapo sikuahidi kitu. Nimeona mwamuzi mmoja akikisimamia kifungu kama kilivyoandikwa, na mwingine akisema mpangaji hawezi kurudisha kisichokuwepo. Sheria zetu hazitaji rangi huhesabiwa imechakaa baada ya miaka mingapi, kwa hiyo sehemu hii hubaki kwa busara ya anayesikiza.

Kiini cha barua basi kiwe hivi:

"Nilikabidhi funguo za nyumba kwa keateka tarehe 31 Mei baada ya notisi ya tarehe 30 Aprili. Unashikilia dipoziti yangu ya shilingi 21,000. Nakubali makato ya maji 850, kitasa 1,500 na ukuta wa chumbani 2,000. Sikubali 10,000 zilizobaki za rangi, kwa kuwa ni uchakavu wa kawaida na mkataba hauniwajibishi kupaka, wala 4,000 za usafi, kwa kuwa niliacha nyumba safi kama video ya siku hiyo inavyoonyesha. Naomba unilipe 16,650 ndani ya siku 14 tangu leo kwa nambari ifuatayo ya M-Pesa. Usipolipa, nitawasilisha madai katika Mahakama ya Madai Madogo, pamoja na gharama, bila kukuarifu tena."

Ambatisha risiti ya dipoziti, mkataba, notisi na ile orodha ya ajenti. Iandikie jina lililo kwenye mkataba kama landilodi, nakala kwa ajenti, na uitume kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa.

Kosa moja zaidi, na hili hunitoa jasho. Watu hunakili juu ya barua yale maneno ya mawakili kwamba barua imeandikwa bila kuathiri haki, wakidhani yanaipa nguvu. Maneno hayo ni ya barua za kutafuta maafikiano, ili kilichosemwa humo kisipelekwe mahakamani. Wewe unataka barua hii ipelekwe mahakamani! Mahakama huangalia yaliyomo kuliko kichwa, kwa hiyo pengine haitakuumiza, ila kwa nini umpe mwenzako jambo la kubishania? Yaweke kwenye barua nyingine, ile ya kusema uko tayari kupokea 14,000 yaishe.

Siku 14 zikipita kimya, peleka madai. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na pesa inayoshikwa kwa niaba ya mwingine imetajwa waziwazi katika mamlaka yake. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, ingawa si kila kituo kinafaulu. Kushinda si kulipwa, na kwa 16,650 gharama ya dalali wa mahakama inaweza kula sehemu kubwa ya ushindi. Ndiyo maana landilodi akikupa 14,000 baada ya barua, mimi humshauri mteja azipokee, mradi makubaliano yaandikwe na pesa ziingie kabla ya yeye kutia sahihi kwamba hadai tena.