"Wilaya yangu haijachunguzwa": dhana potofu kuhusu pengo la utafiti

Sentensi hii hurudi mara kwa mara katika mapendekezo ya utafiti wa uzamili: "Tafiti zilizopitiwa zilifanyika Kampala na Wakiso. Hakuna uliofanyika Isingiro, hivyo kuna pengo." Inaonekana kama hoja, lakini bado si hoja.

Dhana: Mahali pasipochunguzwa ni pengo tayari.

Uganda ina wilaya zaidi ya 130. Kama kutofikiwa kunatosha, kila swali lililokwisha kujibiwa lingeulizwa upya zaidi ya mara mia. Mahali huwa pengo pale tu penye jambo linaloweza kubadilisha jibu. Jopo litauliza: Isingiro kuna nini ambacho Wakiso hakuna?

Na Isingiro kipo kitu. Ndiko yaliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanakoishi Wakongomani wengi, na baadhi yao huzungumza nyumbani Kiswahili cha mashariki mwa Kongo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi amesoma tafiti 12 kuhusu makosa ya Kiswahili katika sekondari za Uganda. Akizieleza mmoja baada ya mwingine, "fulani alichunguza hiki, fulani akagundua kile", atajaza kurasa na pengo halitaonekana. Basi achore jedwali. Kila utafiti upewe mstari wake, na juu ziwe safu za swali, washiriki, lugha yao ya nyumbani, mbinu, matokeo, na sababu aliyoitoa mtafiti. Kisha asome kwenda chini, safu moja baada ya nyingine.

Tuseme safu ya lugha ya nyumbani inamwonyesha Kiganda, Kinyankole na Kiacholi, na safu ya sababu inarudia jambo lile lile: athari ya lugha mama. Hapo pengo limejitokeza. Maelezo yote yamejengwa juu ya mwanafunzi anayekutana na Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza. Yule aliyekuja nacho, anayesema "naenda ku soko" ilhali mwalimu anadai "sokoni", hamo katika tafiti hizo. Je, Kiswahili chake kinamsaidia au kinamkwamisha? Yote mawili yanawezekana, na maelezo ya athari ya lugha mama, kama yalivyotolewa, hayatuambii lipi litatokea. Sasa Nakivale imechaguliwa kwa sababu ya swali lenyewe.

Dhana: Ni lazima uandike kwamba hakuna utafiti wowote.

Dai hilo huangushwa na tasnifu moja tu iliyolala Makerere au Dodoma. Andika ulikotafuta, maneno uliyotumia na miaka uliyopitia, kisha useme kwamba humo hukukuta. Kwa mada hii tafuta "Kiswahili", "Swahili" na pia "Kingwana", jina moja la Kiswahili cha Kongo, la sivyo baadhi ya kazi zitakupita.

Dhana: Mapendekezo ya mwisho ya mtafiti aliyetangulia ni pengo la kunakili.

Huenda pendekezo la 2014 lilijibiwa zamani. Fungua kazi hiyo katika Google Scholar, bonyeza "Cited by", uone waliokuja baadaye walifanya nini. Ni kazi ya dakika chache, na inasikitisha wengi wanavyoiruka.

Dhana: Kuhalalisha utafiti ni kutaja watakaofaidika.

"Utawasaidia walimu, wizara na watafiti wajao" ni maneno yanayokaa katika utafiti wowote, hata wa kilimo cha ndizi. Hayo ni manufaa. Uhalali hueleza kwa nini tulichonacho hakitoshi, kukosekana huko kunaharibu nini, na kwa nini mbinu yako ndiyo inayofaa. Mwanafunzi wetu angeandika hivi:

"Tafiti zilizopitiwa zinaeleza makosa kwa athari ya lugha mama isiyo Kiswahili. Tangu mtaala wa 2020 ulipofanya Kiswahili kuwa cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, walimu wa Nakivale wanalazimika kufundisha pamoja wanaoanza na wanaokizungumza nyumbani, na maelezo hayo hayawahusu hawa wa pili. Utafiti huu utalinganisha insha za makundi yote mawili katika darasa moja, chini ya mwalimu mmoja, ili tofauti itakayoonekana isitokane na shule."

Kila sentensi inaishika iliyotangulia. Ukiondoa ile ya mtaala, jopo litauliza "kwa nini sasa?" Ukiondoa ya mwisho, litauliza kwa nini usisome insha za Wakongomani peke yao.

Liko jambo moja linaloweza kuibomoa hoja yote: si kila Mkongomani wa Nakivale amekulia katika Kiswahili. Wengine nyumbani huzungumza Kinyabwisha au lugha nyingine. Hojaji ikiuliza uraia badala ya lugha ya nyumbani, makundi yatachanganyika na pengo litabaki wazi hata baada ya data kukusanywa. Kwa hiyo swali la lugha ya nyumbani liulizwe kabla ya kugawa makundi, na mwanafunzi aruhusiwe kutaja zaidi ya lugha moja.