Karakana ya Keko haigeuki kiwanda cha soda kwa kuongeza mafundi

Wiki iliyopita mwenye karakana mmoja wa Keko, hapa Dar es Salaam, alinipigia simu. "Dada, haya mambo ya kadi kwa kila oda tuliyafanya tukiwa mafundi watatu. Sasa tupo kumi na wanne. Niwekee mfumo wa viwandani, ule wa kujumlisha gharama za mwezi halafu unagawanya kwa idadi ya vitu." Huyu ni wa nne mwaka huu kuniambia hivyo, na wawili kati ya hao wanne ni wahasibu wenye vyeti. Wote wameshika imani moja: kwamba gharama kwa kazi, yaani kadi inayoandikwa gharama za oda moja, ni ya wadogo, na gharama kwa mchakato, yaani kujumlisha ya mwezi na kugawanya, ni ya wakubwa.

Ukubwa hauhusiki. Meli nzima hujengwa kwa kadi ya kazi. Mama anayepika juisi ya ukwaju kwenye sufuria moja na kujaza chupa 200 hujumlisha na kugawanya, na yuko sahihi kabisa. Cha kujiuliza ni hiki: ukiishika bidhaa moja mkononi, unaweza kusema shilingi hizi zimeingia humu na si kwenye mwenzake? Kabati la mteja wa Mbezi unaweza. Chupa ya soda huwezi, na hata ungeweza usingepata faida yoyote, maana iliyo pembeni yake imekula sukari ileile na umeme uleule.

Huyu kaka wa Keko nilimwomba hesabu za makabati manne ya nguo aliyouza mwezi uliopita. Jumla ya gharama ilikuwa shilingi 3,600,000. Aligawanya kwa nne, akapata 900,000, akauza kila moja 1,100,000 na kuridhika kwamba kila kabati limemwachia 200,000. Bahati nzuri msimamizi wake alikuwa bado anaandika kadi kwa mazoea, tukazifungua.

Makabati matatu yalikuwa ya paini. Kwa kila moja mbao zilikuwa 430,000, bawaba, vitasa na vanishi 80,000, na fundi saa 40 kwa 5,000, yaani 200,000. Pango, umeme, mlinzi na kunoa misumeno tunavibebesha oda kwa 2,000 kila saa ya fundi, kwa hiyo 80,000. Jumla 790,000. La nne lilikuwa la mninga, lenye kioo mlangoni: mbao 640,000, vifaa 170,000, saa 60 za fundi 300,000, na gharama za karakana 120,000. Jumla 1,230,000.

Kwa hiyo kabati la mninga lilimtia hasara ya 130,000, naye akalipiga picha akalituma kwenye makundi ya WhatsApp kutafuta oda zaidi za namna hiyo. Upande wa pili, kuna wateja wawili wa paini waliosema 1,100,000 ni ghali wakaenda kwa jirani, wakati angeweza kuwapa kwa 950,000 na bado akabaki na 160,000. Wastani ulimnyima biashara iliyokuwa na faida na kumsukumia iliyokuwa na hasara. Kadi ingemwonyesha yote mawili siku ileile.

Madawati 100 ya shule moja yanayofanana ni jambo jingine. Hapo kadi inakuwa moja kwa fungu zima, kisha unagawanya kwa 100. Lakini hiyo bado ni kadi ya kazi, maana gharama inaifuata oda na haifuati mwezi.

Sasa kiwanda cha soda. Niliwahi kufanya kazi kwenye kimoja. Maji husafishwa, shira hupikwa kwa sukari na konsentreti, inachanganywa na maji na gesi, chupa zinajazwa, zinafungwa vizibo na kupangwa. Gharama inakusanywa kwa kila hatua kwa mwezi na kupelekwa hatua inayofuata. Vitabu vya chuo hutumia kurasa nyingi kwenye bidhaa zilizobaki njiani mwisho wa mwezi: shira ya chupa 10,000 iliyo kwenye tangi, sukari yote imeshaingia lakini kazi na umeme moja ya tano tu, basi kwa malighafi uihesabu chupa 10,000 na kwa kazi 2,000. Ni sahihi, ila kwa soda huwa ni kiasi kidogo. Shira haikai siku nyingi, na laini ya kujazia huoshwa ikawa tupu. Nimeona wanafunzi wakikesha na hesabu hiyo huku pesa zikivujia penginepo.

Zinavujia kwenye upotevu. Chukua mwezi ambao laini ilipokea malighafi ya chupa 100,000, kwa gharama ya jumla 29,400,000. Chupa huvunjika, nyingine hujaa nusu, kinywaji humwagika wakati wa kuwasha mashine. Tumekubali asilimia 2 kuwa upotevu wa kawaida, na mabaki hayauziki. Tunatarajia chupa nzima 98,000, hivyo kila moja ni shilingi 300. Zikatoka 97,000. Chupa 1,000 zilizopungua ni upotevu usio wa kawaida: 300,000 hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara, hazibandikwi kwenye soda iliyo ghalani. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa zilizo ghalani, inadai hivyo hivyo.

Anayegawanya tu angezigawa 29,400,000 kwa 97,000 na kupata shilingi 303. Nani atashtushwa na shilingi tatu? Hakuna. Lakini 300,000 iliyosimama peke yake kwenye ripoti inamfanya meneja ateremke laini, na mwezi mmoja ninaoukumbuka vizuri alikuta vali moja ya kujazia inavuja kila zamu ya usiku.

Hapa pana jambo linalonisumbua na sijaona kitabu kinachoshughulika nalo. Hiyo asilimia 2 nani aliiweka? Watu wa laini wakifanikiwa kuipandisha hadi 4, matarajio yanashuka kuwa 96,000, gharama ya chupa inapanda hadi shilingi 306.25, na zile 97,000 zinageuka ushindi wa chupa 1,000. Vali ni ileile, uvujaji ni uleule, ila ripoti inapongeza. Nilikuwa nikidai kiwango kitokane na vipimo vya laini ikiwa imetoka kufanyiwa matengenezo, na hata hivyo bado nilikuwa nachagua namba kwa maoni yangu.

Na kadi ya Keko nayo ina namba ya namna hiyo, ni ile 2,000 kwa saa ya fundi. Mninga ni mgumu, unakaa muda mrefu kwenye mashine ya randa na kulifanya bapa liwe butu mapema kuliko paini. Nikibebesha oda umeme na kunoa kwa saa za mashine badala ya saa za fundi, nadhani kabati la mninga litapanda zaidi ya 1,230,000 na ya paini yatashuka kidogo. Kwa kiasi gani, siwezi kusema bila vipimo. Kwa hiyo tumetundika daftari kwa kamba pembeni ya randa. Kila fundi anaandika namba ya oda, saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Baada ya miezi mitatu nitakirudia kile kiwango cha 2,000, na hadi hapo nimemwambia kaka asikubali oda ya mninga chini ya 1,450,000.