Kriatini kwa sisi wa boli ya Jumamosi: maswali na majibu

Swali: Mimi hucheza watano kwa watano Jumamosi pale South C. Nakunywa skupu moja ya kriatini nusu saa kabla ya mechi lakini sioni tofauti, ama niliuziwa feki?

Inaweza kuwa safi kabisa, shida ni vile unaitumia. Hii si kahawa bana, haifanyi kazi ikiwa tumboni, inafanya kazi ikiwa imeshajaa ndani ya misuli na kujaa huko kunachukua wiki kadhaa. Ukichomoka na mpira kwa kasi, zile sekunde chache za kwanza misuli inategemea sana akiba ya fosfokriatini, yaani kriatini iliyo tayari kutoa nguvu ya haraka, halafu ukisimama kuvuta pumzi akiba inarudi polepole. Unga unaongeza hiyo akiba kidogo, kwa hivyo ile mbio ya kumi haishuki kasi sana vile ingeshuka, basi.

Sasa piga hesabu. Mwili wa mtu mzima unapoteza kriatini kama gramu 2 kila siku, na karibu nusu yake unajitengenezea wenyewe, hiyo ingine inatoka kwa nyama na samaki. Skupu ya gramu 5 mara moja kwa wiki, ukiigawa kwa siku saba, haifiki hata gramu moja kwa siku. Kopo lako la gramu 300 litakupeleka Jumamosi 60, zaidi ya mwaka mzima, na misuli haitajua uliwahi kununua kitu.

Swali: Tuko na tonamenti mwisho wa mwezi ujao na mazoezi napata Jumatano tu, tena si kila wiki. Nianze lini?

Anza wiki nne kabla, gramu 3 kila siku, hata siku ambazo hujagusa mpira, hizo ndizo watu husahau. Saa haijalishi, weka na chakula cha jioni ndio usisahau. Skupu nyingi ni gramu 5 kwa hivyo jaza zaidi ya nusu kidogo, na hata ukimeza yote si neno. Hizo wiki nne zinakula gramu 84 hivi, hata theluthi ya kopo haifiki.

Kuna wale wanabeba gramu 20 kwa siku kwa siku tano hadi saba ndio wajaze haraka. Inafanya kazi, lakini lazima ugawe mara nne, maana ukimeza yote kwa mpigo tumbo litakukimbiza choo katikati ya mechi, na pia unaweza kuongeza kilo moja au mbili za maji ukashangaa mbona umekuwa mzito kugeuka na beki. Kama una mwezi mzima mkononi sioni haja ya hiyo haraka.

Na usikoroge chupa Jumatatu ukaiweka hadi Jumamosi, kriatini ikikaa kwa maji inaharibika pole pole. Koroga na unywe, hata kwa chai ya uvuguvugu ni sawa.

Swali: Baada ya hiyo tunaweza kukaa mwezi bila mechi, niendelee ama niache?

Ukiacha, akiba inashuka taratibu na inarudi ilipokuwa baada ya wiki nne hadi sita, kwa hivyo kukosa siku mbili tatu kwa sababu ulienda ushago hakuharibu chochote. Lakini kama mechi yako inayofuata haijulikani na mazoezi hakuna, mimi ningeacha, nianze tena tukipata tarehe. Faida kubwa ya hii kitu huonekana kwa mtu anayepiga mazoezi mfululizo, kwa sababu inamwezesha kurudia mbio au vyuma mara moja mbili zaidi na hizo zinajumlika. Ukicheza mara moja kwa mwezi, unachokosa dakika ya kumi na tano ni pumzi, na pumzi haiko kwa kopo. Nyama ya paja ikivutika kwa sababu uliingia bila kupasha, pia hiyo usiilaumu kriatini.

Swali: Nilipimwa damu kazini nikaambiwa kreatinini iko juu, figo zimeanza kwenda?

Si lazima. Kreatinini ni taka ya kriatini, ukimeza unga inaweza kupanda kidogo hata figo zikiwa sawa, na daktari asiyejua unameza ataona namba tu. Mwambie, taja kipimo na tangu lini. Anaweza kukuambia uache kwa wiki kadhaa mpime tena, au atumie kipimo cha sistatini C ambacho hakiguswi na huo unga. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima gramu 3 hadi 5 kwa siku hazijaonekana kuziumiza. Lakini kama una ugonjwa wa figo, ama presha au sukari ambayo tayari imeanza kuzigusa, hapo usianze bila daktari, na ukiona miguu inavimba au mkojo umepungua usingoje majibu ya kipimo cha pili, rudi hospitali siku hiyo hiyo.