Majimbi yanayokereketa koo: yanayosemwa jikoni na yaliyo kweli

Ramadhani iliyopita nilifuturu kwa shangazi yangu, Wete. Majimbi ya nazi yalikuwa yamepakuliwa kwenye sinia, tui limeyashika vizuri, na samaki wa kuchoma kando yake. Tulipofika tonge la pili, mtoto mmoja akaanza kulia kwamba ulimi unamchoma, mkubwa mmoja akakohoa mpaka akatoka nje, na mimi nikahisi kama nimemeza manyoya. Majimbi yenyewe lakini yalikuwa laini. Kabla ya adhana nilikuwa nimemuuliza, "Shangazi, yameiva?" Akanijibu, "Yameiva mwanangu, kisu kinapita."

Pale pale kila mtu akatoa sababu yake. Hayo majimbi ni ya bonde baya. Umeyatia maji baridi katikati. Hukuyatia ndimu. Wengine wana mzio tu. Nimeyasikia maneno haya tangu utotoni, na baadhi yake yana chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hayafi. Lakini sababu hasa ni nyingine, na mtu akishaijua ataelewa chungu cha shangazi kiliharibikia wapi.

"Ni utomvu wake mkali"

Ukikata jimbi bichi, mkono unateleza kwa ule ute, na muda mfupi baadaye unaanza kuwasha. Ni rahisi kuuhukumu ute. Kinachowasha kimo ndani ya ute huo, lakini si ute wenyewe. Katika jimbi, kwenye jani, kwenye bua na kwenye kiazi, zimo seli maalumu zilizobeba mafungu ya sindano ndogo sana, zilizolala pamoja kama njiti ndani ya kibiriti. Jicho halizioni, hadubini inazionesha wazi. Sindano hizo ni fuwele za kalsiamu oksaleti, zimechongoka ncha. Seli ikipasuka kwa kisu au kwa meno, sindano zinatoka na kuingia kwenye ngozi laini ya ulimi na koo.

Hapo ndipo wengi huishia: sindano zinachoma, basi. Sindano peke yake hazitoshi kuleta ule mkereketo tunaoujua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Hawaii na Australia walizitoa sindano kwenye majimbi, wakaziosha kwa njia za kuondoa protini iliyozigandama, kisha wakazijaribu. Sindano zilikuwa zile zile, ncha zao zile zile, lakini ukali ulikuwa umekwisha. Protini hiyo iko juu ya sindano, nayo inadhaniwa kuwa ya aina ile inayovunja protini nyingine. Sindano inatoboa, protini inaingia kwenye tundu, na hapo ndipo mwili unapolalamika kwa kuwasha na kuvimba. Ni kama mshale uliopakwa sumu: mti wa mshale unafungua njia, kazi inafanywa na kilichopakwa.

"Ukipika, zile sindano zinayeyuka"

Hii ndiyo dhana iliyomponza shangazi, ingawa yeye hakuisema kwa maneno haya. Sindano haziyeyuki. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki katika maji, na maji ya sufuria hayapandi zaidi ya nyuzi 100 hata ukiweka moto wa namna gani. Ukilitia chini ya hadubini jimbi lililopikwa vizuri, lile linaloshuka kooni kama siagi, utaziona sindano zimo bado. Kinachokufa kwa moto ni protini. Inabadilika umbo kama ute wa yai unavyogeuka mweupe, na ikishabadilika haifanyi kazi tena. Sindano zilizobaki bila protini tunazimeza bila kuzihisi.

Kwa hiyo kupika jimbi ni kazi mbili zinazokwenda pamoja lakini hazimaliziki pamoja. Ya kwanza ni kulilainisha, yaani wanga wake uive. Ya pili ni kuiua protini hadi katikati ya kila kipande. Ulaini hutangulia. Kisu kinapita, mpishi anaepua, na katikati ya kipande kinene protini bado iko hai.

Sasa tazama chungu kile. Yalikuwa majimbi kama kilo tatu. Madogo, ya ukubwa wa yai la bata, yaliingia mazima. Makubwa yalikatwa vipande viwili tu, maana muda ulikuwa umekwenda. Maji yalifika nusu ya sufuria, hivyo vipande vya juu vilikuwa vimechomoza nje. Baada ya dakika kama 20 za kuchemka, shangazi alichoma kisu kwenye jimbi la juu, dogo, kikapita. Akamimina tui zito na kupunguza moto ili tui lisikatike. Kuanzia hapo chungu hakikuchemka tena, kilikuwa kinatokota kwa uvivu pembeni tu. Vipande vinene vilikuwa vimelainika, lakini moyo wake haukuwahi kupata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha. Ndiyo maana watu wawili walioketi bega kwa bega, mmoja alikohoa na mwingine akaongeza sahani: aliyekohoa alipata kipande kikubwa, mwenzake vidogo.

"Tui la nazi linaondoa muwasho"

Tui linapaka ulimi mafuta, na mkereketo mdogo hausikiki sana. Lakini protini haliifanyi chochote. Tena tui likitiwa mapema huleta madhara, kwa sababu linamlazimisha mpishi ashushe moto wakati ambapo moto ndio unaohitajika. Majimbi yachemshwe kwa maji au kwa tui jepesi mpaka yamalize kazi yake yote, ndipo tui zito liingie kama kiungo cha mwisho.

"Ndimu inakata"

Ndimu au ukwaju katika mchuzi wa majimbi ni utamu, na mimi siupingi. Lakini asidi ya ndimu haizimalizi sindano zile, na mtu asiikubali kuwa badala ya dakika za moto. Nimewaona watu wanakamulia ndimu chungu kilichokwisha kuwasha na kukirudisha mezani. Kinawasha vile vile, sasa kina na uchachu.

"Ukitia maji baridi katikati, yatawasha"

Hapa bibi zetu waliona jambo la kweli. Maji baridi hayana uchawi wowote ndani yake, ila yanakizimisha chungu. Mpishi anaendelea kuhesabu dakika tangu alipoinjika, ilhali sufuria imekaa bila kuchemka muda mrefu. Ukilazimika kuongeza, ongeza ya moto, na anza kuhesabu upya pale mapovu yanaporudi.

"Maji ya kwanza yamwagwe, ndiyo yenye muwasho"

Hili linahitaji kutenganishwa. Oksaleti imo kwenye jimbi kwa namna mbili. Moja ndiyo ile sindano isiyoyeyuka, na hiyo haitoki na maji. Nyingine inayeyuka, na sehemu yake huingia kwenye maji ya kuchemshia. Hiyo ya pili haikereketi koo, ila inahusiana na mawe ya figo kwa mtu mwenye tabia ya kuyapata. Kwa hiyo kumwaga maji ya kwanza kunamsaidia mgonjwa wa mawe ya figo, hasa kwenye majani, ambayo ni kawaida kuwa na oksaleti nyingi. Lakini ukimwaga maji baada ya dakika 10 na kuepua baada ya dakika 20, koo litakereketa tu.

Majani, ambayo wengine huyaita mayugwa, ndiyo yanayodanganya zaidi. Mtu aliyezoea mchicha anayageuza mara mbili, yananyauka, anaona yameiva. Chagua majani machanga, yale ambayo hayajafunguka yote. Toa bua na mishipa minene ya nyuma, yakate membamba, yachemshe kwa maji mengi yanayochemka kwa nguvu dakika 30 hadi 45, uyamwage maji hayo, ndipo uyarudishe kwa tui na kitunguu. Yakifikia hapo hupondeka kwa mgongo wa mwiko bila kubaki nyuzi.

"Ni mzio"

Mzio wa majimbi unaweza kuwapo kwa mtu mmoja mmoja. Lakini sinia zima likilalamika, huo si mzio, ni jimbi bichi. Sindano na protini yake hazichagui mtu. Mkereketo wa kawaida hutulia wenyewe, na kinywaji baridi au maziwa husaidia. Lakini ulimi au midomo ikivimba, au mtu akishindwa kumeza au kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja.

"Jani la umbo lile lote ni jimbi"

Kuna mimea ya mapambo ya ukoo huo huo, yenye majani makubwa ya umbo la moyo au mkuki, na mingine hubaki mikali hata ikipikwa. Kwa jimbi lenyewe tazama bua linaposhika jani: halishiki kwenye ukingo, linashika nyuma ya jani, ndani kidogo ya ule mpasuko. Ile aina nyingine kubwa tunayoila pia, yenye majani kama ncha ya mkuki, bua lake hushika pale pale kwenye mpasuko. Alama hizi zinakusaidia kutofautisha hizo mbili. Hazitoshi kukuhakikishia mmea ulioota wenyewe kando ya mtaro. Ule uliopandwa na mtu anayeujua, au ulionunuliwa sokoni, ndio wa kupika.

Tulirudi jikoni baada ya Magharibi. Tuliyachuja majimbi yaliyobaki, tukaweka tui pembeni, tukakata kila kipande kikubwa mara nne. Tukamimina maji ya moto mpaka yakafunika vidole viwili juu, tukafunika sufuria, na tukaacha ichemke kwa nguvu kwa nusu saa nyingine. Shangazi alichukua kipande kinene kuliko vyote, akakipasua, akachukua chembe ya katikati na kuiweka ncha ya ulimi. Nilimwomba asiseme kitu mpaka dakika mbili zipite, kwa sababu muwasho wa jimbi haufiki papo hapo. Tukakaa tukisikiliza tarawehe kutoka msikitini. "Hamna kitu," akasema, akaenda kukuna nazi nyingine kwa ajili ya daku.